Anza na Bwawa: Mwongozo wa Kuendesha Huduma ya Kunyonya Vyoo Uswahilini

Mwongozo huu ni wako ikiwa unataka kuanzisha huduma ya kunyonya vyoo katika mitaa ambayo gari kubwa haliingii. Unakufaa pia ikiwa tayari unaifanya kazi hiyo lakini hela haionekani. Mfano wetu ni Vingunguti, Dar es Salaam. Nyumba zimebanana, mashimo mengi yamejengewa kwa matairi au matofali yasiyo na saruji katikati, na mabwawa ya majitaka ya DAWASA yanayopokea magari ya kunyonya yako katika eneo hilohilo.

Kikosi chetu cha mfano kina watu watatu, pampu moja ya mkono aina ya gulpa, madumu ishirini ya lita 50 yenye mifuniko, na toyo moja, yaani pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Toyo inabeba madumu kumi, sawa na lita 500 kwa tripu. Lita moja ya tope ina uzito wa kilo moja hivi, au zaidi kidogo, kwa hiyo tripu moja ni zaidi ya nusu tani. Usiongeze dumu la kumi na moja.

Kwa nini kuanza na mahali pa kumwaga

Wengi huanza kwa kununua pampu, kisha hutafuta wateja, na siku shimo la kwanza limefunguliwa ndipo hujiuliza tope litapelekwa wapi. Hapo ndipo tope huishia mtaroni au Mto Msimbazi.

Mahali pa kumwaga ndipo panapoamua mambo mengine yote. Umbali wa bwawa unaamua tripu ngapi utamaliza kwa siku. Idadi ya tripu inaamua gharama ya kila tripu, na gharama hiyo inaamua bei. Ukitaja bei kwa kukisia, dereva atajikuta katikati ya safari akiwa na mafuta yasiyotosha na mteja mwingine anayempigia simu. Ataumwaga mzigo popote, na hasara ya hapo haimpati yeye peke yake. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilisambaa hadi mikoa mingi ya nchi. Ugonjwa huo husafiri kwa njia hiyohiyo: kinyesi kuingia kwenye maji ya watu.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu: bwawa kwanza, kisha ratiba, kisha bei, ndipo ushike pampu.

Hatua ya kwanza: Pata kibali cha kumwaga

1. Nenda kwa afisa afya wa kata. Mweleze unachotaka kufanya na umuulize taratibu za halmashauri. Vingunguti iko chini ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, na leseni ya biashara inaombwa huko.

2. Nenda ofisi ya mamlaka ya maji, ambayo kwa Dar es Salaam ni DAWASA. Omba kibali cha kumwaga kwa maandishi. Taja chombo chako kama kilivyo: toyo yenye madumu kumi ya lita 50. Sehemu nyingi za kupokelea zimejengwa kwa ajili ya magari yenye bomba la kumwagia, kwa hiyo usidhani kwamba madumu yatapokelewa tu.

3. Uliza mambo manne na uandike majibu: ada ya kila tripu, saa za kufungua na kufunga, mahali pa kusafishia vyombo, na mzigo upi unakataliwa.

4. Pitia njia mwenyewe na toyo tupu, saa za asubuhi na saa za mchana. Andika dakika ulizotumia. Utazihitaji kwenye hesabu.

Bwawa la majitaka hufanya kazi kwa msaada wa vijidudu na jua. Ukipeleka oili chafu ya gereji, mafuta mengi ya mgahawa au kemikali za kiwandani, unaviua vijidudu hivyo au unafunika uso wa maji. Ukitakiwa kunyonya shimo la gereji, kataa na umwelekeze mwenyewe kwa afisa mazingira. Hali ni hiyohiyo kwa mafuta ya taa ambayo mafundi wa zamani wa kuingia mashimoni, wale wanaoitwa vyura, humwagia chooni ili kupunguza harufu. Usiyatumie. Hewa ya shimo ina gesi inayowaka, na mafuta hayo yataishia bwawani.

> SANDUKU: Hati ya mzigo
> Kila tripu iwe na hati yenye nakala tatu: ya mteja, ya bwawani na ya ofisi yako. Iandikwe namba ya hati, tarehe, nyumba ilikotoka, idadi ya madumu, jina la dereva, saa ya kuondoka, saa ya kufika bwawani, na muhuri au risiti ya mpokeaji.
> Malipo ya siku ya dereva yatolewe hati zinaporudi zikiwa na muhuri, si mzigo unapotoka kwa mteja.

Hati hizi ndizo zitakazokuonyesha tope linalotupwa njiani. Dalili ni tatu. Ya kwanza, toyo inarudi mapema kuliko njia inavyoruhusu: ikiwa safari na kumwaga huchukua dakika 70 na yeye amerudi baada ya 35, hakufika. Ya pili, mafuta yaliyotumika ni machache kuliko kilomita zinavyodai. Ya tatu, jumla ya madumu uliyowatoza wateja kwa wiki inazidi jumla iliyo kwenye risiti za bwawani. Linganisha namba hizi kila Jumamosi.

Hatua ya pili: Panga ratiba

Tuseme bwawa liko kilomita 4 kutoka kwa mteja. Kwenda ni dakika 25, kurudi 25, kumwaga na kusuuza 20, kupakia 10. Jumla ni dakika 80 kwa tripu. Seti mbili za madumu zinakuokoa hapa: toyo ikiwa njiani na kumi, wenzako wanajaza kumi mengine.

Kufungua shimo, kufunga pampu na kujaza seti ya kwanza kunachukua dakika 80 nyingine. Ukianza saa 1 asubuhi, toyo itaondoka na mzigo wa kwanza kama saa 2 na dakika 20. Tripu tano zitakwisha saa 9 alasiri. Huo ndio uwezo wako wa siku: lita 2,500. Usipokee kazi ya lita 4,000 ukaahidi kuimaliza siku hiyo.

Sasa tazama majira. Masika, Machi hadi Mei, kila mtu anapiga simu, lakini hapo ndipo unapofanya kazi vibaya zaidi. Maji ya ardhini yamepanda, shimo linajaa wakati unalinyonya, na toyo inakwama. Ndipo pia watu wanapotapisha vyoo, yaani wanafungua tundu ubavuni mwa shimo ili mvua iondoke na kinyesi. Kazi yako ya kuzuia jambo hilo inafanyika Januari na Februari, na tena Septemba kabla ya vuli.

Ili uwafikie wateja kabla ya mvua, weka daftari la vyoo:

1. Kwa kila nyumba andika watu wanaotumia choo, tarehe ya kunyonya na lita ulizotoa.

2. Kadiria kasi ya kujaa. Kwa kupanga, tumia lita 50 za tope kwa mtu mmoja kwa mwaka. Nyumba ya wapangaji 15 itaongeza lita 750 kwa mwaka. Ukitoa lita 1,500, nafasi hiyo itajaa baada ya miaka miwili hivi.

3. Usingoje miaka miwili itimie. Nenda kapime baada ya miezi 18, kwa sababu taka ngumu na maji ya ardhini hujaza shimo mapema kuliko hesabu.

4. Panga wateja wa mtaa mmoja siku moja. Wawili wenye tripu mbili kila mmoja wanaitosha siku yako bila toyo kuzungukazunguka mjini.

Acha nafasi ya tripu moja bila kuiahidi kwa mtu. Siku choo kinapofurika shuleni au kwenye nyumba yenye mgonjwa wa kuhara, utaweza kwenda bila kumvunjia mwingine ahadi.

Hatua ya tatu: Kokotoa bei ya haki

Bei ya haki ni ile inayofikisha tope bwawani, inayomlipa kibarua, na ambayo mteja anaweza kuikagua mwenyewe. Tarakimu zifuatazo ni za mfano. Weka zako mahali pake, kwa mpangilio huu.

*Gharama za siku zisizobadilika, utoke mara moja au mara tano:*

- Malipo ya watu watatu: Sh 75,000
- Sabuni, klorini, glovu na maji: Sh 7,000
- Simu na usimamizi: Sh 5,000
- Matengenezo na akiba ya kununua toyo, pampu na madumu mapya: Sh 17,000
- Leseni, vibali, bima na chanjo, ukigawa kwa siku 250 za kazi: Sh 4,000
- Jumla: Sh 108,000

*Gharama ya kila tripu:*

- Mafuta: Sh 1,600
- Ada ya bwawani: Sh 3,000
- Jumla: Sh 4,600

Kosa la kawaida ni kugawa Sh 108,000 kwa tripu tano. Hutapata tano kila siku: kuna mvua, pancha, na mteja asiyefungua mlango. Gawa kwa wastani wako halisi. Ukiwa na wastani wa tripu nne, sehemu ya kila tripu ni Sh 27,000. Ongeza Sh 4,600, unapata Sh 31,600. Ongeza faida ya asilimia 15, inakaribia Sh 36,300. Taja Sh 36,000 kwa tripu ya lita 500, na kazi yoyote ianzie tripu mbili, kwa kuwa kufunga na kufungua vifaa kunakula muda ule ule hata kama tope ni kidogo.

Angalia umbali unavyoigeuza hesabu hii. Bwawa likiwa kilomita 12, na kila upande ukachukua saa nzima, tripu moja inachukua dakika 150. Siku yako inatosha tripu mbili tu. Kila tripu sasa inabeba Sh 54,000 za gharama zisizobadilika, pamoja na Sh 7,800 za mafuta na ada. Ni Sh 61,800 kabla ya faida. Kwa siku iliyojaa, ile ya kilomita 4 ingekuwa Sh 26,200. Mteja ni yuleyule na shimo ni lilelile, ila bei ni zaidi ya mara mbili. Katika hali hiyo usishushe bei ili upate kazi. Tafuta sehemu ya kumwaga iliyo karibu zaidi, au ungana na wenzako mkodi gari lenye tangi la kubebea mizigo ya toyo kadhaa, kwa kibali cha kuhamishia tope.

> SANDUKU: Kazi moja, mwanzo hadi mwisho
> Nyumba ya wapangaji 15, Vingunguti. Shimo la duara lenye upana wa mita 1.2. Kijiti kinaonyesha tope lenye kina cha mita 2.
> Ujazo: 3.14 × 0.6 × 0.6 × 2 = mita za ujazo 2.26, yaani lita 2,260.
> Shimo limejengewa kwa matairi, hivyo halinyonywi lote. Mnakubaliana lita 1,500: tripu tatu. Tope litashuka kwa mita 1.3 hivi.
> Bei: 3 × 36,000 = Sh 108,000.
> Mwenye nyumba akiigawa kwa miezi 24, ni Sh 4,500 kwa mwezi, sawa na Sh 300 kwa kila mpangaji.

Hesabu hiyo ya mwisho mwonyeshe mwenye nyumba. Anayeona Sh 108,000 kwa mkupuo huahirisha hadi choo kifurike. Mruhusu aanze kulipa kidogo kidogo kwa simu miezi kadhaa kabla, nawe umwandikie kila malipo.

Mteja akikuambia kuna mtu anayefanya kazi hiyohiyo kwa Sh 40,000, mfungulie daftari na mpige hesabu pamoja: malipo ya vibarua, mafuta, ada ya bwawani. Ataona mwenyewe kwamba bei hiyo haifiki bwawani.

Kanuni za haki kwa mteja ni hizi:

- Pima mbele yake, na mhesabu madumu pamoja.
- Bei iwe moja kiangazi na masika. Kama kazi inahitaji muda zaidi, mweleze sababu kabla ya kuanza.
- Taka ngumu zitozwe kwa ndoo, kwa bei iliyoandikwa.
- Maji unayoongeza kulainisha tope yanaingia kwenye madumu. Mwambie mapema, na usiongeze zaidi ya inavyohitajika.
- Ikiwa gari kubwa linaweza kufika na tope ni jepesi, mwambie ukweli: kwa lita, gari kubwa litakuwa nafuu kwake.

Pointi hiyo ya mwisho inahusu hasa matangi ya septiki. Yana maji mengi na huhitaji kunyonywa tope linapofika theluthi moja ya kina. Gari la kunyonya lina mipaka yake, hata hivyo: tope zito lililo chini zaidi ya mita mbili au tatu hulishinda, na bomba refu hupunguza nguvu. Hapo ndipo pampu yako ya mkono inapopata kazi.

Hatua ya nne: Siku ya kunyonya

1. Fungua shimo na uliache wazi nusu saa. Watoto wakae mbali. Hakuna sigara, mkaa wala kibatari karibu.

2. Kagua sakafu ya choo kabla ya kusimama juu yake. Ukiona ufa au sakafu inabonyea, weka mbao nene zinazovuka shimo zima na kukaa kwenye ardhi imara pande zote mbili.

3. Toa taka kwanza. Nguo, pedi, nepi na chupa ndizo zinazoziba pampu. Tumia nondo ndefu yenye ndoano. Taka hizi ziwekwe kwenye mifuko imara na zipelekwe mahali afisa afya alipoelekeza, zisichanganywe na tope la bwawani.

4. Pima tope likoje. Likiwa zito kama ugali, mimina ndoo mbili za maji, koroga kwa mti mrefu, subiri, kisha jaribu. Ongeza ndoo moja moja.

5. Shusha gulpa. Valvu iliyo chini ikae juu kidogo ya sakafu ya shimo, isizame kwenye mchanga. Vuta na kushusha mpini kwa mwendo mmoja. Mpini ukiwa mwepesi na tope halipandi, valvu imekwama: pandisha pampu uisafishe. Mpini ukiwa mzito ghafla, kitambaa kimenasa.

6. Jaza dumu hadi vidole vinne chini ya mdomo, funga mfuniko, lifute, ndipo ulipakie. Toyo haiondoki na dumu lisilo na mfuniko.

7. Acha kabla ya kufika chini. Shimo la matairi au la matofali yasiyo na saruji linashikiliwa pia na tope lililomo. Ukilimaliza lote wakati maji ya ardhini yako juu, kuta huingia ndani na huenda zikachukua ukuta wa jirani. Dalili ya hatari ni mchanga safi kuanza kupanda na tope, au sakafu kutoa mlio. Simama papo hapo.

8. Osha sakafu na vifaa kwa maji na sabuni kwanza, ndipo utumie klorini: sehemu moja ya dawa ya madoa ya asilimia 3.5 kwa sehemu sita za maji. Klorini haifanyi kazi juu ya uchafu, na mayai ya minyoo huistahimili, hivyo kusugua ndiko kunakokulinda. Maji ya kuoshea yarudi shimoni. Ziba tundu lolote ulilobomoa kwa saruji kabla ya kuondoka.

> ONYO: Hakuna anayeingia shimoni
> Gesi ya shimo yenye harufu ya yai bovu huua pua kwanza. Ikizidi, huisikii tena, na mtu hudhani imekwisha. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi.
> Pampu ikianguka, ivue kwa ndoano au iache. Mtu akianguka, usimfuate. Piga kelele, ita Zimamoto kwa 114, na mvute kwa kamba ukiwa nje. Mara nyingi anayeingia kuokoa hufa pia.

Kila mfanyakazi awe na buti za mpira, glovu ndefu, ovaroli na miwani ya kujikinga. Nguo hizo zifuliwe kazini, zisiende nyumbani kwa watoto. Mpeleke zahanati kwa chanjo ya pepopunda na homa ya ini aina ya B, na umuulize mganga ratiba ya dawa za minyoo.

Makosa yanayoua huduma hii

- *Kuahidi tarehe bila kuuliza kama bwawa linapokea.* Piga simu jioni ya kuamkia kazi. Kukiwa na matengenezo, ahirisha. Usifungue shimo la mtu.
- *Kulaza madumu yaliyojaa uani kwako.* Tripu ya mwisho iondoke ikiwa na muda wa kutosha kufika kabla ya kufunga. Muda hautoshi? Funga shimo, rudi kesho.
- *Kumpa mkulima tope bichi.* Ataliomba kwa mbolea. Mayai ya minyoo huishi humo miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Mkatalie.
- *Kula akiba ya vifaa.* Ile Sh 17,000 ya kila siku iwe kwenye akaunti yake. Toyo ikifa bila akiba, biashara imekufa nayo.

Orodha ya kukagua kabla ya kutoka asubuhi

☐ Bwawa limethibitisha kupokea leo
☐ Hati za mzigo za kutosha ziko kwenye toyo
☐ Mifuniko ishirini, yote inakaza
☐ Kamba, ndoano, mbao za kusimamia, mti wa kukorogea
☐ Valvu ya pampu imesafishwa na kujaribiwa kwa maji
☐ Buti, glovu, ovaroli na miwani kwa kila mtu
☐ Sabuni, klorini, chokaa na koleo kwa tope likimwagika njiani
☐ Mafuta ya tripu zote za siku, si ya kwenda kwa mteja tu
☐ Mteja amepigiwa na anajua bei